Kutafsiri si Kueleza Upya: Dhidi ya Kanuni Moja ya APA katika Insha za Elimu

Mwongozo wa uandishi wa Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani, maarufu kwa kifupi chake APA, una kanuni ndogo yenye madhara makubwa kwa anayeandika insha ya elimu kwa Kiswahili. Kwa mujibu wa toleo la 7, mwandishi akitafsiri mwenyewe kifungu kutoka lugha nyingine, huhesabiwa kuwa amekieleza kwa maneno yake, si kuwa amekinukuu. Hahitaji alama za kunukuu. Jina na mwaka vinatosha, na namba ya ukurasa inapendekezwa tu. Mantiki yake inaeleweka: maneno yaliyo mbele ya msomaji si yale yale yaliyoandikwa na mwenye chanzo. Makala hii inadai kwamba mantiki hiyo haiwafai wanafunzi wanaosoma kwa Kiingereza na kuandika kwa Kiswahili, kwa kuwa inauhalalisha mwigo ambao sheria za wizi wa kitaaluma zilikusudiwa kuuzuia.

Kuhusu mwigo wa ndani ya lugha moja hakuna ubishi mkubwa. Wanaofundisha uandishi wanakubaliana kwamba kubadili maneno mawili matatu kwa visawe na kuacha muundo wa sentensi ulivyo si kueleza upya. Rebecca Moore Howard aliuita uandishi huo “uandishi wa viraka” katika miaka ya 1990, akasisitiza kwamba mara nyingi ni hatua ya kujifunza kuliko hila. Diane Pecorari naye, katika utafiti wake wa 2003 juu ya wanafunzi wanaoandika kwa lugha ya pili, alionyesha kwamba matini inaweza kufanana mno na chanzo bila mwandishi kukusudia kudanganya. Nakubaliana nao kuhusu adhabu. Sikubaliani na yeyote anayedhani kwamba viraka vikishavuka mpaka wa lugha vinageuka kuwa nguo mpya.

Tuangalie mfano. Ili nisimtie mtu lawamani, chanzo nimekibuni: tuseme mwandishi A alichapisha kwa Kiingereza, mwaka 2015, ukurasa wa 42, aya yenye hatua tatu. Kwanza, mwanafunzi asiyeimudu lugha ya kufundishia hunyamaza au huitikia pamoja na wenzake. Pili, mwalimu huuchukua mwitikio huo kuwa dalili ya uelewa na kuendelea na somo. Tatu, pengo hujulikana kwenye mtihani, wakati halizibiki tena. Mwanafunzi aliyepewa swali la kujadili nafasi ya maswali ya mwalimu darasani anaandika hivi:

“Mwanafunzi anapofundishwa kwa lugha asiyoimudu hunyamaza au huitikia kwa pamoja na wenzake. Mwalimu hudhani kwamba mwitikio huo ni dalili ya kuelewa, hivyo huendelea na somo. Pengo hugundulika wakati wa mtihani, ambapo haliwezi kuzibwa tena (A, 2015).”

Kwa kanuni hiyo ya APA kuhusu tafsiri, aya hii haina doa. Hata programu ya kukagua mfanano, ambayo kimsingi hulinganisha mifuatano ya maneno, kwa kawaida haitaikamata, kwa kuwa chanzo ni cha Kiingereza. Lakini tuichunguze. Hatua ni zile zile tatu, kwa mpangilio ule ule. Sitiari ya pengo ni ya A. Swali aliloulizwa mwanafunzi halijaguswa. Isitoshe, rejeo limewekwa mwishoni mwa sentensi ya tatu, kwa hiyo msomaji hawezi kujua kama sentensi mbili za mwanzo ni za A au za mwanafunzi. Mwanafunzi ametaja chanzo, ila hajaonyesha alichokopa kinaanzia wapi.

Linganisha na hii:

“A (2015, uk. 42) anaona kwamba tatizo la lugha hujificha kwa sababu mwalimu huusoma vibaya mwitikio wa darasa. Ingawa A anazungumzia lugha ya kufundishia, hoja yake inahusu pia namna ya kuuliza: swali linalojibiwa na darasa zima kwa mkupuo halimwezeshi mwalimu kumtambua asiyejua, hata pale lugha inapoeleweka na wote.”

Jina la A limetangulia, hivyo mpaka wa mkopo unaonekana. Hatua tatu zimefupishwa kuwa dai moja, lile linalohitajika kwa swali lililoulizwa. Sentensi ya pili inatamka wazi kwamba hapo A anaachwa na mwanafunzi anaanza. Huko ndiko kueleza upya, na hakupatikani kwa kubadili lugha. Hupatikana kwa kusoma, kufunga kitabu, kuandika kile ambacho chanzo kinachangia katika swali lako, kisha kukirudia chanzo kuhakikisha kwamba hujapotosha maana wala kumtwisha mwandishi dai asilolitoa.

Kwa aliye na shaka, kuna jaribio rahisi: irudishe aya yako kwenye Kiingereza, kisha ilinganishe na chanzo. Aya ya kwanza itatua karibu sentensi kwa sentensi juu ya maandishi ya A. Ya pili haitatua popote. Inayotua ni nukuu iliyotafsiriwa, na ingestahili alama za kunukuu, namba ya ukurasa, na maneno “tafsiri yangu”. Huo si uzushi wangu: mwongozo wa MLA hutaka tafsiri ya mwandishi mwenyewe ioneshwe kuwa ni nukuu, pamoja na kumtaja aliyetafsiri.

Athari za kutozingatia hili huonekana zaidi kwa Vygotsky. Insha nyingi za saikolojia ya elimu humrejelea kwa mwaka 1978, ilhali alifariki mwaka 1934. Kitabu cha 1978 kilikusanywa na kuhaririwa na Michael Cole na wenzake kutokana na maandishi yake ya Kirusi, nao katika dibaji walikiri kwamba hawakuyafuata neno kwa neno. Mwanafunzi akiukuta muhtasari wake katika kitabu cha kiada, akautafsiri na kuandika “Vygotsky (1978)”, basi ameficha wahariri, ameficha mwandishi wa kitabu cha kiada, na amedai kusoma asichokisoma. Njia sahihi ipo ndani ya APA yenyewe: “Vygotsky, kama alivyonukuliwa katika” kitabu alichokuwa nacho mkononi, na kitabu hicho ndicho kinachoingia kwenye orodha ya marejeleo.

Itapingwa kwamba fasili na istilahi hazielezeki upya bila kuharibika. Ni kweli, na ndiyo sababu zinafaa kunukuliwa kwa tafsiri iliyokiriwa. Itapingwa pia kwamba kwa kipimo hiki insha zetu zitajaa alama za kunukuu. Huenda. Lakini insha iliyojaa alama hizo inamwonyesha mhadhiri jambo ambalo kanuni ya sasa inalificha, yaani kwamba mwanafunzi bado hajaanza kusema lake, naye anaweza kusaidiwa kabla ya kuadhibiwa.

Vitivo vya elimu vinavyopokea insha kwa Kiswahili havilazimiki kuiacha APA. Viongeze sharti moja katika miongozo yao: kifungu kilichotafsiriwa kwa ukaribu kitiwe alama za kunukuu, ukurasa na “tafsiri yangu”, hata pale mwongozo wa Marekani usipodai hivyo.