Ujumbe wa kwanza kwa mwenye hoteli (Thika na Ruiru)

Ujumbe wa kwanza kwa mwenye hoteli ni maandishi mafupi, aghalabu ya WhatsApp, ambayo mtu asiyejulikana humtumia mwenye sehemu ya kulia chakula akiomba kazi ya kumtunzia ukurasa wake kwenye programu za kuagiza chakula, kupiga picha za vyakula, na kuwajibu wateja wanaoandika. Hoteli hapa ina maana ya Kikenya: nyumba ya chai, chapati na wali maharagwe, iwe na vitanda au isiwe navyo.

Kazi yenyewe haina umri mkubwa. Uber Eats iliingia Nairobi mwaka 2018, Glovo ikafuata 2019, Bolt Food ikaja baadaye. Jumia Food, iliyokuwa imetangulia, ilifunga mwisho wa Desemba 2023, na kurasa za hoteli zilizokuwa humo zikaenda nayo. Huduma hizi zilianza Nairobi, kisha zikafuata watu, na watu wa Barabara Kuu ya Thika si haba: sensa ya 2019 ilihesabu wakazi 490,120 Ruiru na 251,407 Thika. Hata hivyo si kila programu inafika kila mtaa. Kabla ya kuandika neno lolote, mwombaji hufungua programu akiwa amesimama karibu na hoteli yenyewe, aone ni ipi inayoionyesha na ni ipi isiyoijua.

Hatua ya pili ni kula. Ujumbe unaoanza bila mwandishi kuagiza chakula mara moja hujulikana upesi, kwa sababu ungeweza kutumwa kwa hoteli yoyote kuanzia Githurai hadi Makongeni. Anayeagiza sahani moja hujua chakula kilichukua dakika ngapi, kachumbari iliwekwa kando au ilimwagiwa juu ya wali, mfuniko ulishika au mchuzi ulivuja, na kilichofika kinafanana na kilichoandikwa au la. Hiyo ndiyo gharama ya kuomba kazi, na ni ya shilingi mia chache tu.

Chukua mfano wa hoteli ya kubuni karibu na Bypass mjini Ruiru, inayouza pilau nyama kwa shilingi 350 kaunta. Mwombaji anaagiza na kuona mambo mawili: pilau haina picha, na kwenye programu bado inauzwa 300, bei ya zamani ambayo hakuna aliyekumbuka kuibadilisha. Anamwandikia mwenye hoteli hivi:

"Habari ya mchana, mama. Mimi ni kijana wa hapa Kihunguro. Jana saa saba niliagiza pilau kwenu kwa simu, ikafika ikiwa moto na nikaifurahia. Nimeona ukurasa wenu unauza pilau 300, na kaunta ni 350. Pia haina picha. Nimekutumia picha ya ukurasa ulivyo, na nyingine ya sahani niliyoletewa. Kazi yangu ni kutunza ukurasa kama huo: bei, vyakula vilivyopo, picha na majibu ya wateja. Sihitaji neno la siri wala PIN, na pesa zinabaki kuingia kwako moja kwa moja. Hiyo bei unaweza kuirekebisha hata leo. Ukitaka nitakuonyesha bure. Naomba nipite Jumanne saa tisa alasiri, dakika kumi tu. Kama haiwezekani, hakuna neno, pilau nitarudi kula."

Nguvu ya ujumbe huu iko kwenye hiyo tofauti ya shilingi 50. Mwenye hoteli hahitaji kumwamini mwandishi. Anahitaji kutoa simu mfukoni, kufungua ukurasa wake na kuona. Kasoro inayofaa kutajwa ni ile inayoweza kuhakikishwa akiwa amesimama kaunta: bei iliyopitwa na wakati, saa zinazosema Jumapili mmefunga ilhali mko wazi, au lalamiko la mteja lililokaa wiki tatu bila jibu. Kumwambia kwamba "mtandaoni hamwonekani vizuri" hakumpi kitu cha kukagua, naye ataupitisha ujumbe huo kama anavyopitisha ule wa mkopo aliopata bila kuomba.

Kasoro yenyewe hutajwa bila ubingwa. Ukurasa ule huenda aliutengeneza mwanawe aliyekuwa likizo, au mhasibu wake. Ndiyo maana ujumbe wa mfano unaeleza kilichoonekana na haumtafuti wa kulaumiwa. Unasifu pia jambo moja mahususi, kwamba pilau ilifika moto, kwa kuwa sifa ya jumla haitofautiani na ya mchuuzi wa barabarani.

Ahadi ya kutoomba neno la siri ina sababu ya wazi. Wakenya wamezoea kupigiwa simu na wezi wanaotaka PIN ya M-Pesa, na mtu mgeni anayesema "nipe niingie kwa akaunti yako" amejiweka foleni moja nao. Kwa ukurasa wa Google njia ya halali ipo: mwenye biashara humwongeza mtu kama meneja kwa anwani yake ya barua pepe, na meneja huyo anaweza kubadilisha saa, kuweka picha na kujibu maoni, lakini hawezi kumwondoa mwenyewe wala kuufuta ukurasa. Programu inayoruhusu watumiaji wengine hutumika kwa namna hiyo hiyo. Isiyoruhusu, mwenye hoteli hubonyeza mwenyewe huku mwombaji akiwa kando yake. Simu au tableti inayopokea oda haiondoki jikoni hata siku moja.

Wakati wa kutuma una uzito zaidi kuliko watu wanavyodhani. Asubuhi mwenye hoteli anahesabu mandazi, na kati ya saa sita na saa nane na nusu hata mumewe hapokelewi simu. Saa tisa hadi saa kumi na nusu alasiri, masufuria yakiwa yanaoshwa, ndipo mtu hukaa na kusoma. Kuhusu namna ya kumwita, katika miji hii mwanamke mwenye hoteli mara nyingi hujulikana kwa jina la mtoto wake, na anayehudumu kaunta atakutajia. Ukilijua, litumie, usipolijua, "mama" inatosha. Mwanamume mtu mzima ni "mzee", na kijana mwenzako ni "bosi", hata kama hoteli ina meza nne.

Bei ya kazi haikutajwa kwenye ujumbe, na mimi naona ni sawa, mradi mwombaji awe ameshapiga hesabu kabla ya hiyo Jumanne. Kamisheni hutegemea mkataba. Tuchukue asilimia 30 kwa mfano. Sahani ya 350 hukatwa 105, zikabaki 245. Viungo, nyama na mkaa tuseme ni 150, na mkebe wa kubebea 20. Mwenye hoteli anabaki na 75. Kwa bei ya zamani ya 300 angebaki na 40 tu, kwa hiyo lile rekebisho la bure limekaribia kuongeza faida yake maradufu kabla hajamlipa mtu yeyote. Sasa mwombaji akitaka 4,500 kwa mwezi, lazima alete sahani 60 mpya, mbili kwa siku, ndipo mama awe amerudisha gharama tu.

Neno "mpya" ndilo wengi hulisahau. Sahani ile ile ikiuzwa kaunta humwachia 200. Mteja aliyekuwa akitembea kuja, akianza kuagiza kwa simu, anampunguzia mwenye hoteli shilingi 125 kila anapokula. Mzee aliyekwisha kuliona hilo atakuuliza, na jibu la kweli ni kumwonyesha watu ambao hawangekuja kwa miguu: wanafunzi wa MKU walio hosteli usiku, wakazi wa nyumba za geti nje ya mji, ofisi siku ya mvua. Kama hoteli yake imezungukwa na wateja wa miguu na programu haivuki mtaa, kazi hiyo haimfai, na ni afadhali ujue kabla ya kuandika.

Picha ni sehemu ambayo waombaji hujisifia zaidi, ingawa ufundi wake si mwingi. Meza husogezwa karibu na dirisha au mlango, taa ya simu huzimwa, na sahani hupigwa ikiwa na kipimo kile kile anachopata mteja. Sukuma wiki hutangulia, maana ikikaa hunyauka na kuwa nyeusi, chapati hungoja. Nyama choma ya Kamakis ina tatizo lake: mezani inapendeza, lakini baada ya nusu saa kwenye mkoba wa boda mafuta yameganda, na picha nzuri huzaa malalamiko mabaya. Kwa hoteli ya aina hiyo ni busara kutanguliza nyama ya kukaanga yenye mchuzi, na kufunga kachumbari mbali.

Picha zipigwe za chakula, zisiwe za walaji. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza sehemu moja ya burudani Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuchapisha mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Picha halisi, kwa ukubwa wake, hukabidhiwa mwenye hoteli. Zikitumwa WhatsApp kama picha za kawaida hupungua ubora, hivyo hutumwa kama faili. Yaliyowapata waliokuwa Jumia Food yanatosha kueleza kwa nini zisikae kwenye programu peke yake.

Kuwajibu wateja ndiko kunakovunja makubaliano mengi. Anayejibu hakuwa jikoni. Mteja akiandika kwamba nyama ilikuwa ngumu, hawezi kukana wala kuahidi kurudisha pesa. Anaweza kuandika: "Pole sana kwa nyama ya jana. Nauliza jikoni na nitakujibu leo jioni," kisha aulize kweli. Tatizo kubwa zaidi ni chakula kilichoisha. Matumbo yakiisha saa nane na ukurasa bado unayauza, oda inakuja, inakataliwa, na nyota zinashuka. Dawa ni mtu mmoja jikoni aliyepewa jukumu la kutuma maneno mawili, "matumbo imeisha", na upande wa pili mtu anayekizima chakula hicho papo hapo. Ikiwa jikoni hakuna wa kutuma, hakuna kazi ya kusimamia.

Mama asipojibu, ujumbe mmoja wa kukumbusha baada ya wiki unatosha. Kwa hoteli ya mfano wetu, hata kama hatajibu kamwe, jambo la kutazama ni bei ya pilau kwenye ukurasa: ikisoma 350 Jumatano, ujumbe ulisomwa.