Kesi ya Ardhi ya Meru: Habari Inayoanzia Kichwani na Makala Inayoanzia Mizizini

Novemba 1951 serikali ya kikoloni ya Kiingereza iliwafukuza Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki, kaskazini-mashariki mwa Mlima Meru. Nyumba zao zilichomwa moto, na ardhi ikatengwa kwa walowezi wa Kizungu kwa ajili ya ufugaji.

Sentensi hizo mbili zinatosha kumwonyesha mwandishi mchanga umbo linaloitwa piramidi iliyopinduliwa. Lililo zito hukaa juu, jepesi hukaa chini. Aya ya kwanza hujibu nani, nini, wapi na lini, na kwa nini pia ikiwezekana. Aya ya pili hutoa ushahidi: idadi, kauli ya waliofukuzwa, jibu la serikali. Zinazofuata hueleza kwamba watu walitakiwa kuhamia King'ori na kwamba wengi walikataa. Historia huja mwisho.

Umbo hili lilikua katika magazeti ya Marekani katika nusu ya pili ya karne ya 19. Wanahistoria wanabishana kuhusu chanzo chake. Wapo wanaotaja simu ya maandishi, iliyokuwa ghali na yenye kukatika, hata mwandishi akalazimika kutanguliza kiini. Wengine wanasema lilienea baadaye, magazeti yalipotaka kumhudumia msomaji mwenye haraka. Lililo wazi ni faida yake chumbani mwa uhariri: ukurasa ukijaa, mhariri hukata kutoka chini bila kuiua habari. Kipimo chake basi ni rahisi. Funika aya ya mwisho kwa kiganja, kisha inayoitangulia. Kama kilichobaki bado kinaeleweka, umepanga vizuri.

Kosa la kwanza la wanaoanza ni kufuata mpangilio wa saa: kamati ilikutana, ikajadili, hatimaye ikaamua. Uamuzi ndio habari, nao umezikwa. Kosa la pili ni baya zaidi, kwa sababu huonekana kama ufupi mzuri. Ukiandika "Wameru 3,000 wamehamishwa Engare Nanyuki", umeacha aliyetenda. Kitenzi cha kutendwa kimemficha serikali nyuma ya mlango. Andika "Serikali imewafukuza", na swali la nani litakuwa limejibiwa kikamilifu.

Hata hivyo, piramidi ina mpaka wake, na kesi ya Meru inauonyesha. Kinachokatwa kwanza ni cha chini, na huko chini ndiko ilikolala sababu. Mwaka 1896 wamisionari wawili wa Kilutheri waliuawa Akeri, jirani na Makumira ya leo. Wajerumani walijibu kwa mashambulizi makali ya kuadhibu, na katika miaka iliyofuata mashamba ya walowezi yakaizunguka miteremko ya chini ya mlima, yakiwabana wenyeji juu. Msomaji asiyejua hayo atadhani mgogoro wa 1951 ulihusu malisho tu. Aliyeyajua angeuona kama mkazo mwingine wa kamba iliyokwisha fungwa shingoni.

Hapo ndipo mwandishi wa makala huvunja umbo kwa makusudi. Anaweza kuanza na Akeri ya 1896, au na safari ya Kirilo Japhet, aliyetumwa New York kwa michango iliyokusanywa na Umoja wa Raia wa Meru. Mwaka 1952, akisaidiwa na mwanasheria Earle Seaton, alisimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, kwa kuwa Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini. Lakini uhuru huo una masharti. Kufikia aya ya tatu au ya nne, lazima mwandishi aseme waziwazi makala inahusu nini na kwa nini isomwe sasa. Vinginevyo msomaji ataondoka akidhani anasimuliwa hadithi. Tena mwisho wa makala haukatiki, kwa hiyo mhariri aambiwe mapema ili apunguze katikati.

Mwisho huo ni upi? Suala lilifika Baraza Kuu baadaye mwaka huohuo, na azimio la kuwatetea Wameru likakosa theluthi mbili za kura zilizohitajika. Katika habari ya siku ile, jambo hilo lingekuwa sentensi ya kwanza: Wameru wameshindwa. Katika makala hukaa mwisho, baada ya msomaji kuona wanakijiji wakichanga fedha na kumpeleka mtu wao kuishtaki dola mbele ya mataifa. Matokeo ni yaleyale, ila sasa anaelewa kwa nini kushindwa huko hakukuwanyamazisha Watanganyika, bali kuliwafundisha njia ya kudai nchi yao.