Jinsi kroshia ilivyopata alama zake

Picha ya namna hii hupita mikononi mwa wafumaji wengi wa vitambaa siku hizi. Ni ukurasa wa kitabu uliopigwa picha kwa simu, mara nyingi kitabu cha Kijapani au cha Kirusi, na katikati yake kuna mduara uliojaa viyai vidogo, doa jeusi hapa na pale, na herufi T nyingi zilizokatwa vistari shingoni. Maelezo hayapo, au yapo kwa lugha ambayo mfumaji haisomi. Hata hivyo mchoro ule una kila kitu: kishono gani, kinaingia wapi, kinafuatwa na nini. Ilichukua muda mrefu kwa kroshia kuandikwa hivyo, na anayejua kwa nini ilichukua muda huo husoma mchoro kwa urahisi zaidi.

Vielelezo vya kroshia vilivyochapwa mapema kabisa tunavyovijua vilitoka Uholanzi mwaka 1823, katika jarida la Penélopé, vikiwa vya vikoba vya fedha. Kilichowafikia wanawake wengi zaidi kilitoka Uingereza baadaye kidogo. Eleonore Riego de la Branchardière, aliyeanza kuchapisha vitabu vyake katika miaka ya 1840 na kupata medali kwenye Maonyesho Makuu ya London ya 1851, aliandika maelekezo yake kwa maneno. Fuma cheni kadhaa, ruka mbili, ingiza kishono kirefu, rudia. Kwa ukanda mwembamba wa nakshi hilo lilitosha. Kwa kitambaa cha duara chenye mizunguko ishirini, maneno yaligeuka kuwa aya ndefu ambamo jicho likipotea mara moja halirudi pale lilipokuwa.

Wakati huohuo kule Ayalandi, katika miaka ya njaa kubwa iliyoanza 1845, kroshia ilikuwa riziki ya familia nyingi, na huko karatasi haikuwa na nafasi kubwa. Mfumaji aliangalia ua lililokwisha kufumwa, akahesabu vishono vyake, akatengeneza jingine. Ninaona hiki ndicho chanzo halisi cha mchoro wa alama, ingawa hakuna aliyeuchora wakati ule: kazi yenyewe inasomeka. Kishono kirefu kinaonekana kirefu na cheni inaonekana cheni. Kilichohitajika ni mtu wa kukihamisha kile jicho linachokiona hadi kwenye karatasi.

Hatua ya kwanza ilikuwa ile ya vyumba vya mraba, inayotumika hadi leo kwa vitambaa vya wavu. Chumba kilichojazwa ni vishono virefu vilivyobanana, chumba kitupu ni cheni mbili na kishono kirefu kimoja. Ni mchoro mzuri, lakini unajua mambo mawili tu. Hauwezi kuonyesha nanasi, kombe, wala duara.

Upande wa maneno nako kulikuwa na kasoro inayowatesa wafumaji hadi leo. Waingereza na Wamarekani wanatumia majina yaleyale kwa vishono tofauti. Kile Wamarekani wanachokihesabu kuwa kroshia moja, Waingereza wanakihesabu kuwa mbili, na tofauti hiyo inapanda ngazi yote. Mtu akifuata kitabu cha London kwa mazoea ya New York, kila kishono kinakuwa kirefu kupita kiasi. Alama hazina tatizo hilo, kwa kuwa hazitaji jina. Zinachora umbo.

Waliolifikisha jambo hili mbali zaidi ni Wajapani. Wachapishaji wao waliufanya mchoro kuwa maelekezo yenyewe, maneno yakabaki pembeni, na alama zikaingizwa katika viwango rasmi vya viwanda vya nchi hiyo. Toleo la 1995 la kiwango hicho linajulikana kwa namba JIS L 0201, na linahusu ufumaji wa sindano mbili pamoja na kroshia. Nchini Marekani nako Craft Yarn Council ina orodha yake ya alama, na nyingi zinafanana na zile za Japani. Kwa hiyo picha iliyotoka Tokyo inaweza kufumwa Mwanza bila mtu kusoma neno moja la Kijapani.

Sasa tuuangalie mchoro wenyewe. Kiyai ni cheni moja. Doa jeusi ni kishono cha kuungia, kile kisicho na kimo, kinachofunga mzunguko. Msalaba, uwe wa kujumlisha au wa kuzidisha, ni kishono kifupi. Herufi T tupu ni nusu ya kishono kirefu. T yenye kistari kimoja shingoni ni kishono kirefu, na yenye vistari viwili ni kirefu zaidi. Vistari hivyo vinahesabu kitu: ni idadi ya mara unazouzungusha uzi kwenye sindano kabla ya kuichomeka. Kistari kimoja, mara moja. Viwili, mara mbili. T tupu peke yake ndiyo inayokwenda kinyume, maana nayo inazungushiwa uzi mara moja, ila mwishoni vitanzi vyote vitatu huvutwa kwa pamoja.

Kinachofuata ni miguu ya alama, na hapa ndipo wengi wanapokosea. T kadhaa zikikutana chini na kutawanyika juu kama upepeo, zote zinaingia kwenye tundu moja, yaani unaongeza. Zikikutana juu na kutengana chini, unapunguza: kila kishono kinaanza mahali pake na vyote vinafungwa kwa kitanzi kimoja. Katika michoro ya Kijapani kuna jambo la ndani zaidi. Miguu ikiwa imeungana kwenye nukta moja, unachomeka sindano ndani ya kishono chenyewe. Ikiwa imeachana kidogo juu ya safu ya cheni, unachomeka kwenye uwazi ulio chini ya cheni hizo na kuzikumbatia zote. Kwenye picha tofauti hiyo ni nyembamba kama unywele, lakini kwenye kitambaa inaonekana wazi: kishono kilichochomwa ndani ya cheni hubaki kimesimama pale pale, kilichokumbatia cheni huteleza huku na huku.

Chukua kitambaa kidogo cha duara. Katikati ya picha kuna viyai sita vilivyofungwa kwa doa: cheni sita zilizounganishwa kuwa pete. Juu yake vinasimama viyai vitatu, halafu T kumi na tano zenye kistari kimoja, zote zikitazama ndani ya pete. Vile viyai vitatu ni kishono kirefu cha kwanza, kwa hiyo jumla ni 16. Doa linafunga kwenye kiyai cha tatu. Mzunguko wa pili unaanza kwa viyai vitano. Vitatu vya kwanza ni kishono, viwili vinavyobaki ni nafasi. Baada yake ni T moja na viyai viwili, T moja na viyai viwili, kuzunguka pote. Mwisho wa mzunguko unafunga kwenye kiyai cha tatu kati ya vile vitano. Anayefunga kwenye cha tano atapata nafasi ya mwisho iliyobanwa, na kitambaa kitapinda kuelekea upande huo. Katika mzunguko wa tatu, T tatu zenye miguu iliyoachana zinasimama juu ya kila nafasi: 16 mara 3 ni 48. Hesabu ikitoka 48, umesoma sawasawa. Mwelekeo ni kinyume cha saa kwa anayefuma kwa mkono wa kulia. Wa kushoto anakwenda upande wa pili.

Kazi ya mistari inayokwenda na kurudi husomwa tofauti. Namba ya mstari huwekwa upande ambao mstari unaanzia. Ikiwa 1 iko kulia, unasoma kutoka kulia kwenda kushoto. 2 ikiwa kushoto, unageuza kazi na kusoma kutoka kushoto. Pembetatu nyeupe katika vitabu vya Japani ni mahali pa kuunga uzi, nyeusi ni mahali pa kuukata.

Tatizo la picha ni kwamba kamera inakula vistari. Ukurasa ukipigwa kwa kuegemea, upande wa mbali unabanana na T ya vistari viwili inageuka ya kimoja. Dawa ya kwanza imo ndani ya mchoro wenyewe, kwa sababu duara hujirudia. Tafuta kipande kilicho karibu na kamera, kinachoonekana vizuri, na ukisome hicho. Vingine ni nakala yake. Ikiwa picha nzima ni ya ukungu, angalia cheni za kupandia mwanzoni mwa mzunguko, kwa kuwa viyai ni vikubwa na haviliwi. Kwa kawaida viyai vitatu vinaashiria kishono kirefu chenye kistari kimoja, vinne ni chenye viwili, viwili ni T tupu, kimoja ni kishono kifupi. Ila toa kwanza vile vya nafasi, kama ilivyokuwa kwa vile vitano.

Na ukishafuma mizunguko michache, laza kazi mezani. Kingo zikijikunja juu kama bakuli, huenda vishono vyako ni virefu kuliko vya mchoro, au umeruka vichache: kitambaa kimepanuka kutoka katikati bila mzingo wa kutosha. Kikipiga mawimbi pembeni, vishono ni vifupi mno kwa idadi ile, huenda umesoma T tupu pale palipokuwa na kistari.

Iko sehemu moja ambayo picha haitoi jibu. Alama yenye kulabu mguuni inaagiza sindano ikumbatie mguu wa kishono cha chini badala ya kuingia kichwani. Kulabu ikielekea upande mmoja, sindano inapita mbele ya mguu. Ikielekea wa pili, nyuma. Kiwango cha Japani kinachora jinsi kazi inavyoonekana upande wa mbele. Kwa hiyo kwenye mstari unaofumwa ukiwa umegeuza kazi, alama ya mbele inafumwa kwa nyuma, ili ikitazamwa kutoka mbele ionekane inavyotakiwa. Vitabu vya kwingine havifuati jambo hili kwa pamoja, na ufunguo wa alama, unaoweza kusema ni upi unaofuatwa, huwa kwenye ukurasa ambao mpiga picha hakuupiga. Fuma mistari minne kwa majaribio. Mbavu zikisimama zote upande mmoja, umepatia. Zikitokea mbele mstari mmoja na nyuma mstari unaofuata, geuza usomaji wako wa mistari ya kurudi na uanze tena.