Kiuavijasumu kinaua nini?

Kamusi za Kiswahili sanifu huiita antibiotiki kiuavijasumu. Neno limeundwa kwa kufuata kanuni: kuna kitenzi ua, na kuna kijasumu, kile kidudu kisichoonekana kwa macho ambacho huleta maradhi. Katika maduka ya dawa ya Bunia, hata hivyo, neno hilo halisikiki sana. Mteja huomba antibiotiki, au huitaja dawa yenyewe kwa kifupi: amoksi. Na kitu kinachokwenda kuuawa, kwa Kiswahili cha Ituri, ni mikrobi.

Hapo ndipo tatizo linapoanzia. Mikrobi ni neno linalobeba viumbe vya aina mbili zisizofanana, bakteria na virusi, na kijasumu nacho masikioni mwa wengi hubeba vyote viwili vilevile. Mtu aliyeambiwa kwamba ana mikrobi kooni, kisha akasikia kwamba kuna dawa ya kuua mikrobi, ana haki ya kwenda kuinunua. Amefikiri sawasawa kabisa kwa maneno aliyopewa.

Mkoa wetu umeyaona magonjwa ya aina zote mbili kwa uchungu. Katika nyanda za juu za Djugu na Mahagi kuna tauni, ugonjwa wa bakteria ambao ulizuka tena katika eneo la afya la Rethy mwaka 2020 na 2021. Mgonjwa wa tauni akiwahi kupewa antibiotiki kama streptomisini au jentamisini, huwa na nafasi kubwa ya kupona. Ebola, iliyotangazwa Kivu Kaskazini mwezi wa Agosti 2018 na kuingia Ituri hadi ilipokwisha Juni 2020, ni ugonjwa wa virusi. Hakuna antibiotiki inayoviua virusi hivyo, na dawa zilizokuja kuokoa watu zilikuwa kingamwili zilizotengenezwa mahsusi kwa ajili yake.

Tofauti yenyewe iko katika umbile. Bakteria ni seli kamili, inakula na kugawanyika yenyewe, na imezungukwa na ukuta mgumu. Amoksisilini, kama penisilini zote, huizuia bakteria isiunganishe ukuta huo inapokua, mithili ya fundi mwashi aliyenyang'anywa saruji katikati ya kazi. Ukuta unadhoofika na seli inapasuka. Virusi havina ukuta huo. Huingia ndani ya seli zetu wenyewe na kuzitumia kujizalisha, na seli zetu pia hazina ukuta wa namna hiyo. Kwa hiyo amoksi iliyomezwa na mtu mwenye gripi haina inachokibomoa kwenye kirusi, hata dozi ikiongezwa maradufu.

Maumivu mengi ya koo husababishwa na virusi. Kwa watoto, bakteria aitwaye streptokoko wa kundi A huhusika na takriban visa 20 hadi 30 katika kila 100. Kwa watu wazima ni vichache zaidi. Dalili husaidia kubagua. Kikohozi, kamasi na sauti iliyokauka huelekeza kwenye virusi. Homa isiyo na kikohozi, tezi zinazouma mbele ya shingo, na amigdali zilizovimba zenye usaha mweupe huelekeza kwenye streptokoko, hasa kwa mtoto wa miaka 5 hadi 15. Dalili hizo hazitoi uhakika, ndiyo maana muuguzi huangalia koo na, hapa kwetu, hupima malaria kwa kila homa. Mgonjwa anayeshindwa kumeza mate au kuvuta pumzi apelekwe hospitali papo hapo.

Koo la virusi kwa kawaida hupona lenyewe ndani ya wiki moja. Mtu huanza amoksi siku ya tatu, siku ya sita ana nafuu, na sifa zote zinaiendea amoksi. Sioni cha kumlaumu, kwa sababu ushahidi aliouona kwa macho yake unamwambia hivyo.

Sasa tuchukue mtoto wa Nyakasanza hapa Bunia, ana miaka 6 na kilo 20, na muuguzi amekwisha kuona kwamba koo lake lina dalili za streptokoko. Kipimo cha kawaida ni miligramu 50 za amoksisilini kwa kila kilo kwa siku, yaani miligramu 1,000: kapsuli moja ya 500 asubuhi na moja jioni, kwa siku 10. Jumla ni kapsuli 20. Lakini dukani dawa huuzwa kwa plakete, na plakete ina kapsuli 10.

“Dokta, nipe plakete moja kwanza,” mama anasema, kwa maana fedha ya leo inatosha hiyo tu.

Siku ya tatu homa imeshuka, mtoto anakula. Siku ya tano plakete imekwisha, na mama anasema kwa dhati kwamba mtoto amemaliza dozi. Neno dozi nalo limemponza: tunalitumia kwa kapsuli moja ya asubuhi, kwa plakete nzima, na kwa tiba yote ya siku 10. Angeandikiwa “siku kumi, plakete mbili”, asingekosea.

Kilichobaki kooni ni streptokoko waliopungua bila kuisha. Watu wengi hudhani hatari ni kwamba bakteria hao watakuwa sugu kwa penisilini. Kwa streptokoko wa kundi A sivyo: hadi leo penisilini na amoksi bado zinamuua. Hatari iko moyoni. Wiki mbili au tatu baada ya koo kuuma, kinga ya mwili iliyoandaliwa kupigana na streptokoko inaweza kukosea na kushambulia viungo na valvu za moyo. Ugonjwa huo huitwa homa ya baridi yabisi. Mtoto hulalamika goti, kisha kifundo, kisha kiwiko, maumivu yakihama. Baadaye huishiwa pumzi akipanda kilima. Siku 10 ziliwekwa ili koo lisafishike kabisa na ajali hiyo isitokee.

Usugu unakuja kwa njia nyingine. Matumboni na kooni mwetu wanaishi bakteria wengi wasiotudhuru. Kila amoksi inayomezwa kwa ajili ya gripi huwaua walio dhaifu na kuwaachia nafasi wanaoistahimili, ambao wanaweza kuwapa bakteria wengine chembe za urithi za ustahimilivu huo. Kinachokuwa sugu ni bakteria. Msemo kwamba mwili umeizoea dawa unapotosha. Madhara huonekana baadaye, maambukizo ya mkojo au ya damu yanapogoma kusikia dawa. Kwa kifua kikuu njia ni fupi zaidi: tiba yake ya kawaida ni miezi 6, na anayeikatiza anaweza kubaki na bakteria wasiosikia tena rifampisini.

Idadi ya siku, basi, hufuata ugonjwa. Nimonia ya mtoto isiyo kali hutibiwa kwa siku 3 hadi 5, na kuongeza zaidi hakumfaidii. Anayeandika dawa ndiye anayeweza kufupisha, na yafaa kumrudia iwapo mtoto atapata vipele au kuharisha sana.

Mama aliyekosa fedha ya plakete ya pili ana njia nyingine, na muuguzi anapaswa kumwambia kabla hajatoka kituoni: sindano moja ya benzathini penisilini, yuniti 600,000 kwa mtoto aliye chini ya kilo 27 na 1,200,000 kwa aliye mzito zaidi. Huchomwa katika msuli, inauma, na hubaki mwilini kwa wiki kadhaa. Kwanza aulizwe kama mtoto amewahi kuvimba au kubanwa pumzi kwa penisilini.