Ujerumani: jina la wenyeji na majina ya wageni

Wenyeji huiita nchi yao Deutschland, lakini jina hilo halikuenea kwa majirani wote. Baadhi ya mataifa yaliwaita Wajerumani wote kwa jina la kabila lililokuwa karibu nayo: Wafaransa waliwajua Waalemani, wakasema Allemagne, Wafini waliwajua Wasaksoni, na hadi leo husema Saksa. Kiingereza kilifuata Kilatini, Germania.

Kiswahili kimepita njia mbili, na hapo ndipo penye utamu. Katika enzi ya ukoloni wa Wajerumani Afrika Mashariki, watu waliwaita Wadachi, kutokana na neno lao wenyewe, Deutsch. Waingereza walipoishika Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, jina lenye asili ya Kiingereza, Mjerumani, likatawala.