Viwanja vyenye mzingo sawa huenda visilingane kwa eneo

Mojawapo ya viwanja vinavyouzwa kwa wingi mijini nchini Kenya ni kile cha futi 50 kwa 100, ambacho wengi hukiita thumuni ya ekari. Jina hilo halikisadifu sana, kwani thumuni kamili ni futi 5,445 za mraba ilhali kiwanja hicho kina 5,000 pekee. Mnunuzi akikizunguka na utepe wa kupimia, atapata jumla ya futi 300. Huo ndio mzingo wake.

Ichukuliwe kwamba dalali anamwonyesha mnunuzi huyo kiwanja kingine chembamba, cha futi 30 kwa 120. Kukizunguka ni futi 300 vilevile, na ua wake utahitaji seng'enge ya urefu uleule. Walakini 30 mara 120 ni 3,600. Akikinunua kwa bei ya kile cha kwanza, atakuwa amepoteza futi 1,400 za mraba, yaani zaidi ya robo ya ardhi aliyodhani analipia.

Chanzo cha tofauti hiyo huonekana mtu akianza na mraba wenye futi 75 kila upande. Mzingo wake ni futi 300 na eneo lake ni futi 5,625 za mraba. Aukate ukanda wa futi moja upande mmoja, ili upana ubaki 74. Ukanda huo una futi 75 za mraba. Ili mzingo usipungue, sharti urefu uongezwe futi moja, uwe 76. Lakini ukanda unaoongezwa sasa unakaa penye upana wa 74 tu. Zimetoka 75, zimeingia 74, na hasara ni moja.

Akirudia kitendo hicho, ukanda unaokatwa una urefu wa futi 76 ilhali unaorudishwa una 73. Hasara ni 3. Mara ya tatu hukatwa 77 na kurudishwa 72. Hasara ni 5. Baada ya hatua tatu hasara yote ni 9, ambayo ni 3 mara 3. Mwendo huo haubadiliki: kiasi ambacho upana umepungua chini ya 75, kikizidishwa kwa chenyewe, ndicho eneo lililopotea. Upana wa 50 umepungua kwa 25, na 25 mara 25 ni 625. Ukitoa katika 5,625 zinabaki 5,000. Upana wa 30 umepungua kwa 45, hivyo hasara ni 2,025 na kinachobaki ni zile 3,600.

Kwa hivyo mzingo wa futi 300 huweka kikomo cha juu tu kwa mstatili. Hakuna mstatili wa mzingo huo unaopita futi 5,625 za mraba, lakini kushuka hakuna kizuizi. Kiwanja cha futi 1 kwa 149 kina mzingo uleule, na hata toroli haingii humo.

Kosa hili ni la kale. Mwanahistoria Mgiriki Polibio, aliyeishi karne ya pili kabla ya Kristo, aliandika kwamba watu wengi hukadiria ukubwa wa mji kwa mzingo wake. Alitaja Megalopoli, mji wake mwenyewe, uliokuwa na mzingo wa stadi 50, na Sparta wenye stadi 48, ilhali Sparta ulikuwa mkubwa maradufu. Lawama aliwatupia watu waliosahau jiometri waliyofunzwa utotoni. Naye Proklo, katika karne ya tano baada ya Kristo, alisimulia kuhusu watu waliogawana ardhi na wenzao, wakawaachia vipande vyenye mzingo mkubwa na kujitwalia vyenye eneo kubwa; na juu ya hayo wakasifiwa kwa uadilifu!

Kupima urefu na upana badala ya kuzunguka hutosha iwapo pembe za kiwanja ni mraba. Zikiwa zimelala, hata pande za 50 na 100 hudanganya: kiwanja kikiinama hadi pembe moja iwe nyuzi 60, pande hazibadiliki wala mzingo, lakini eneo hushuka hadi takriban futi 4,330 za mraba. Njia ya kutambua ni kupima kutoka kona hadi kona ya mkabala. Katika mstatili halisi wa 50 kwa 100, vipimo hivyo viwili hulingana, takriban futi 111 na inchi 10 kila kimoja. Katika kile kilichoinama kimoja hufika futi 132 na kingine 87 hivi.

Aidha, hati miliki huandika eneo kwa hekta, si mzingo. Kiwanja cha 50 kwa 100 ni takriban hekta 0.046, na kile cha 30 kwa 120 ni hekta 0.033.