Asidi ya Protoni Nyingi: Maumbo ya Fosfeti katika Udongo wa Karatu

Asidi ya protoni nyingi ni asidi ambayo molekuli yake moja inaweza kuachia zaidi ya protoni moja, yaani zaidi ya haidrojeni moja iliyopoteza elektroni yake, na kuachia huko hakufanyiki kwa mkupuo mmoja bali kwa hatua, kila hatua ikiwa ngumu kuliko iliyoitangulia. Neno "nyingi" katika istilahi hii huanzia mbili, kwa hiyo asidi kaboniki yenye protoni mbili imo, asidi fosforiki yenye tatu imo, na asidi haidrokloriki yenye moja tu haimo. Istilahi hii haisemi lolote kuhusu ukali, kwani asidi fosforiki ni dhaifu kuliko haidrokloriki ingawa ina protoni nyingi zaidi. Wala haihesabu haidrojeni zote zilizomo katika molekuli: asidi ya siki ina haidrojeni nne, lakini inayoachiwa ni moja, kwa kuwa tatu zimefungwa kwenye kaboni na maji hayawezi kuzing'oa.

Asidi fosforiki, H₃PO₄, ikiachia protoni ya kwanza hubaki dihaidrojeni fosfeti, H₂PO₄⁻. Ikiachia ya pili hubaki haidrojeni fosfeti, HPO₄²⁻. Na ikiachia ya tatu hubaki fosfeti tupu, PO₄³⁻. Haya manne huitwa hapa "maumbo", kwa sababu fosforasi ni ileile na kinachobadilika ni idadi ya protoni zilizoishikilia. Ugumu wa kila hatua hupimwa kwa namba iitwayo pKa, ambayo kwa asidi hii, katika maji yenye chumvi kidogo na joto la nyuzi 25 za Selsiasi, ni takriban 2.15 kwa hatua ya kwanza, 7.20 kwa ya pili na 12.35 kwa ya tatu. Maana ya namba hizo ni nyepesi kushika: pH ya mmumunyo ikilingana na pKa ya hatua fulani, maumbo mawili yanayopakana na hatua hiyo huwa sawa kwa wingi, pH ikipanda juu ya hapo, umbo lenye protoni pungufu hutawala, ikishuka, hutawala lile lenye protoni zaidi.

Katika madarasa mengi mwanafunzi hupewa asidi na kuulizwa pH yake. Katika mashamba ya Karatu swali hugeuka, na kugeuka huko ndiko kunakostahili kueleweka. Maji yaliyomo kati ya chembe za udongo hubeba fosfeti kidogo sana, mara nyingi chini ya miligramu moja ya fosforasi kwa lita, na kiasi hicho hakina nguvu ya kuamua pH ya udongo. Pale pH huamuliwa na madini ya udongo, mboji, mvua na kaboni dayoksaidi inayotoka kwenye mizizi, na fosfeti hulazimika kuifuata. Ndivyo ilivyo pia katika Ziwa Magadi, ndani ya kreta ya Ngorongoro, ambalo hupokea maji ya Mto Munge kutoka Olmoti na halina mto wa kuyatoa: maji hukauka kwa jua, kaboneti na bikaboneti za sodiamu hubaki na kukolea, na hizo ndizo zinazopandisha pH. Kwa hiyo pH hupimwa kwanza, au huchaguliwa kwa ajili ya hesabu, kisha ndipo huulizwa ni kiasi gani cha kila umbo kinachoweza kuwapo chini yake.

Na tuchukue udongo wenye pH 6.5, na maji yake yawe na jumla ya mikromoli 10 za fosfeti kwa lita, ambazo ni sawa na takriban miligramu 0.31 za fosforasi. Kwa kuwa 6.5 iko karibu na pKa ya pili na iko mbali na zile nyingine mbili, hesabu huanza na maumbo mawili yanayopakana na hatua ya pili. Uwiano wao hupatikana kwa kutoa pKa kwenye pH na kuipandisha 10 kwenye kipeo cha tofauti hiyo:

HPO₄²⁻ / H₂PO₄⁻ = 10^(6.5 − 7.20) = 10^(−0.70) ≈ 0.20

Hapa ndipo wengi hujikwaa, kwa kuiona 0.20 na kuandika kwamba haidrojeni fosfeti ni asilimia 20. Uwiano huo hausemi sehemu ya jumla. Unasema kwamba kwa kila sehemu 1 ya dihaidrojeni fosfeti kuna sehemu 0.20 za haidrojeni fosfeti, na jumla ya sehemu ni 1.20. Dihaidrojeni fosfeti basi ni 1 kwa 1.20, yaani asilimia 83, na haidrojeni fosfeti ni 0.20 kwa 1.20, yaani asilimia 17. Ukolezi wa maumbo hayo, ambao ni kiasi cha dutu katika lita moja ya mmumunyo, huwa mikromoli 8.3 kwa umbo la kwanza na 1.7 kwa la pili. Anayetaka kujikagua na ajumlishe: 8.3 na 1.7 hurudisha 10, ilhali aliyechukua asilimia 20 kwa umbo moja na 83 kwa jingine atapata jumla inayozidi fosfeti iliyokuwapo tangu mwanzo.

Maumbo mawili ya pembeni hupatikana kwa uwiano uleule wa hatua zao. Asidi isiyoachia protoni hata moja ni 10^(2.15 − 6.5) ya dihaidrojeni fosfeti, yaani chini ya sehemu moja katika elfu ishirini. Fosfeti tupu ni 10^(6.5 − 12.35) ya haidrojeni fosfeti, na kwa mfano huu hufikia takriban mikromoli 0.0000024 kwa lita. Anayetaka yote manne kwa pamoja, hasa kwa kompyuta, hutumia jumla moja, ambamo h ni ukolezi wa ioni za haidrojeni, yaani 10^(−pH), na K1, K2 na K3 ni konstanti za hatua tatu, kila moja ikiwa 10^(−pKa) yake:

D = h³ + h²K1 + hK1K2 + K1K2K3

Kila kipande cha D ni cha umbo moja, kuanzia H₃PO₄ hadi PO₄³⁻, na kipande kikigawanywa kwa D hutoa sehemu ya umbo hilo katika jumla. Kwa pH 6.5 kipande cha pili ni 7.08 × 10⁻¹⁶ na cha tatu ni 1.41 × 10⁻¹⁶, na viwili vilivyobaki ni vidogo mno kugusa jumla. Kwa hiyo njia fupi na njia ndefu hukubaliana.

Fosfeti tupu isipuuzwe kwa udogo wake, maana ndiyo inayobeba siri ya mbolea ya mawe ya Minjingu, yanayochimbwa mashariki ya Ziwa Manyara, wilayani Babati. Fosforasi ya mawe hayo imo katika apataiti, madini ambayo ndani yake fosfeti iko katika umbo la PO₄³⁻ pamoja na kalsiamu na floridi. Madini hayo huendelea kuyeyuka maadamu kalsiamu, floridi na fosfeti tupu zilizomo majini hazijafika kikomo chake, na PO₄³⁻ ikinyakuliwa na protoni na kugeuzwa umbo jingine, nafasi hufunguka ya jiwe kuyeyuka zaidi. Tukishusha pH kutoka 6.5 hadi 5.5 bila kubadili jumla ya mikromoli 10, haidrojeni fosfeti hushuka kutoka 1.7 hadi takriban 0.2, na kila sehemu yake huambatana na fosfeti tupu pungufu mara kumi kuliko awali. Kwa pamoja PO₄³⁻ hupungua takriban mara 85. Tukiipandisha hadi 7.5, PO₄³⁻ huongezeka takriban mara 40, na jiwe hukosa sababu ya kuyeyuka. Ndiyo maana unga wa mawe hayo, usiochanganywa na kitu kingine, hufanya kazi vizuri katika udongo wenye asidi na hufanya kazi kwa shida katika udongo ulio karibu na 7 au juu yake. Mkulima wa Karatu anayefikiria kuununua anahitaji kujua pH ya shamba lake kabla ya kujua bei ya mfuko.

Udongo usio na asidi una kipimo chake katika maabara. Kwa njia ya Olsen, fosforasi hutolewa kwenye udongo kwa mmumunyo wa bikaboneti ya sodiamu wenye pH 8.5, na katika pH hiyo, kwa konstanti zilezile, uwiano wa hatua ya pili ni 10^1.30, yaani 20 kwa 1: takriban asilimia 95 ya fosfeti iliyotolewa ni HPO₄²⁻ na asilimia 5 ni H₂PO₄⁻. Lakini umbo hilo halidumu hadi mwisho wa kipimo. Ili fosfeti ionekane, mmumunyo huongezwa asidi salfuriki, molibdeti na asidi askobiki hadi rangi ya buluu itokee, na katika asidi hiyo kali maumbo yote hurudi nyuma kuelekea H₃PO₄. Namba inayoandikwa kwenye cheti ni jumla tu. Mgawanyo wa maumbo ndani ya udongo haupimwi na mashine hiyo, hukokotolewa kutokana na jumla na pH ya udongo wenyewe. Anayeikokotoa kwa pH 8.5 ya chupa ya maabara, badala ya 6.5 ya shamba, atapata mgawanyo uliopinduka, na kujumlisha hakutamfichulia kosa, kwa sababu jumla itabaki sahihi.

Hesabu hii ina mipaka, na Ziwa Magadi huionyesha wazi. Kwa pH 10, konstanti zilizotajwa huipa fosfeti tupu chini ya nusu ya asilimia moja. Konstanti hizo, hata hivyo, ni za maji yenye chumvi kidogo, na katika maji yaliyokolea magadi ioni nyingi za sodiamu huzizunguka ioni zenye chaji kubwa na kuzituliza, hivyo protoni huachiwa kwa urahisi zaidi. Tayari katika mmumunyo wenye chumvi ya wastani, wa 0.1 moli kwa lita, pKa ya pili hushuka kutoka 7.20 hadi karibu 6.8. Aidha kalsiamu na magnesiamu hushikana na haidrojeni fosfeti na kuunda jozi ambazo jumla ya D haizihesabu. Kwa maji ya udongo yasiyo na chumvi nyingi, kosa linalotokana na hayo ni dogo na hesabu inafaa kutumiwa kama ilivyo. Kwa maji ya ziwa la magadi, konstanti zinazolingana na chumvi yake zitafutwe kwanza, na pH iandikwe kando ya kila namba ya fosfeti inayotolewa.